Bondi ya masomo: niandikeje ili mfanyakazi akiondoka mapema gharama zirudi?

*Ndugu mshauri,*

*Ninasimamia kituo cha afya binafsi hapa Morogoro. Tunafanya upasuaji wa uzazi, kwa hiyo bila mtaalamu wa usingizi chumba cha upasuaji kinafungwa. Tulimsomesha muuguzi wetu mmoja kozi ya usingizi ya mwaka mzima. Akarudi, akafanya kazi miezi minne, mwezi uliopita akatoa notisi na kwenda hospitali nyingine. Kabla hajaenda chuo alisaini barua yenye maneno haya: “Mfanyakazi hataruhusiwa kuacha kazi kwa miaka mitano baada ya masomo. Akiacha atalipa mara mbili ya gharama zote.” Sasa anasema hadaiwi kitu. Mshahara wake wa mwisho nimeuzuia, na cheti chake cha kozi ninacho kabatini, maana chuo kilikituma kwetu. Risiti nilizozipata ni za shilingi 4,800,000.*

*Hivi karibuni tunampeleka muuguzi mwingine kozi hiyo hiyo. Bajeti ni shilingi 7,200,000, na tutaendelea kumlipa mshahara wake wa 850,000 akiwa chuoni. Ajira yake ni mkataba wa miaka miwili, umebaki miezi 18. Bodi yetu inataka bondi ya miaka mitano, na mshahara wa mwaka wa masomo uingizwe kwenye deni. Mimi nataka kitu ambacho kitasimama tukifikishana mbele ya sheria, lakini pia nisimkandamize huyu binti. Niandikeje?*

*Meneja, Morogoro*

---

Ndugu Meneja,

Nianze na kabati, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri mkataba mpya. Kitoe cheti cha huyo kijana wiki hii, umkabidhi kwa kusainiana. Cheti cha masomo ni mali ya aliyesoma, hata kama ada ulilipa wewe. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kuzuia nyaraka za mfanyakazi kuwa mojawapo ya dalili za kazi ya shuruti, na kazi ya shuruti imekatazwa na Ibara ya 25 ya Katiba yetu pamoja na kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Leo wewe ndiye mdai mwenye haki. Ukiendelea kushikilia cheti, akienda kulalamika utageuka mlalamikiwa, na deni lako halali litafunikwa na kosa lako. Mpe pia hati ya utumishi, ile inayoonyesha alifanya kazi gani kwenu na kwa muda gani. Sheria inamtaka mwajiri aitoe ajira inapokoma, na haisemi asubiri mpaka deni lilipwe.

Mshahara wa mwisho una sheria yake. Kifungu cha 28 cha Sheria hiyo hiyo ya Ajira kinamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa sheria, mkataba wa hali bora za kazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi inaruhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi makato ya deni. Barua uliyoninukulia haina neno hata moja kuhusu kukata mshahara. Kwa hiyo huna ruhusa. Mlipe siku zote alizofanya kazi, na likizo aliyolimbikiza kama ipo, halafu umdai kwa njia yake. Najua inauma kumlipa mtu aliyekuacha na chumba cha upasuaji kilichofungwa, lakini mshahara ni jasho alilokwisha kulitoa.

Sasa tuiangalie barua yenyewe, maana makosa yake ndiyo yatakayotufundisha namna ya kuandika mpya. Ina mambo matatu: inamkataza mtu kuacha kazi, inamtoza mara mbili, na inaendelea miaka mitano bila deni kupungua. Mwamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, akiisoma ataona adhabu. Na Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina kifungu cha 74 kinachozungumzia hali hii hii: mkataba ukitaja kiasi kitakacholipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Yaani kiasi mlichoandika ni dari tu. Kuandika mara mbili hakukupi mara mbili. Kunachofanya ni kumshtua anayesoma, aanze kutilia shaka hata zile gharama ulizolipa kweli.

Kifungu hicho tulikirithi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana hukumu za huko husomwa hapa kwa makini, ingawa hazitufungi. Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya Vijaya Bank na ofisa wake aliyejiuzulu kabla ya kumaliza miaka mitatu aliyoahidi. Mkataba ulisema angelipa rupia 200,000, na mahakama ikakubali sharti hilo. Ilizingatia kwamba hakuzuiwa kuondoka, kwamba kiasi kile hakikuwa kikubwa mno kwa mtu wa cheo na mshahara wake, na kwamba benki ya umma huingia gharama halisi kutafuta mtu wa kuziba nafasi kwa ushindani wa wazi. Kesi ile haikuwa ya ada za chuo, kwa hiyo usiichukue kuwa ruhusa ya kufunga mtu utakavyo. Lakini inaonyesha maswali yatakayoulizwa popote: alikuwa huru kuondoka? Kiasi kinalingana na hasara? Anaweza kukilipa?

Kwa maswali hayo, bondi nzuri ni deni la gharama halisi, linalopungua kila mwezi mfanyakazi anapokuwa kazini, na ambalo halimzuii kuondoka. Ukishika hilo, maneno mengine yanajipanga yenyewe. Kifungu cha kwanza ningekiandika hivi:

> Mwajiri atalipia masomo ya Mfanyakazi kwa gharama zilizoorodheshwa katika Jedwali A, jumla isiyozidi shilingi 7,200,000. Mfanyakazi ana haki ya kuacha kazi wakati wowote kwa kutoa notisi inayotakiwa na mkataba wake wa ajira. Akiacha kwa hiari yake kabla ya kutimiza miezi 24 ya kazi baada ya masomo, atarejesha sehemu ya gharama ambazo Mwajiri amezilipa kweli na anaweza kuzithibitisha kwa risiti.

Sentensi ya pili wajumbe wa bodi yako wataichukia. Watauliza kwa nini tumkumbushe kwamba anaweza kuondoka. Ibakishe. Ndiyo inayotofautisha deni na kifungo, na mwamuzi ataitafuta kabla ya kitu kingine. Huwezi kumlazimisha mtu kubaki kazini kwa mkataba wowote ule. Unachoweza kudai ni fedha, basi andika fedha.

Jedwali A lisiwe na mstari wa “gharama nyinginezo”. Tuseme bajeti yako imegawanyika hivi: ada 4,200,000, hosteli na chakula 2,400,000, vitabu na mitihani 450,000, nauli 150,000. Kila mstari uwe na kiasi chake, na kila malipo yakifanyika, nakala ya risiti iingie kwenye faili na nyingine apewe mwenyewe. Baada ya muhula wa mwisho mkae, mjumlishe kilichotumika, msaini jumla hiyo. Ikiwa mmetumia 6,900,000, deni linaanzia hapo, si kwenye bajeti. Kwa yule wa kwanza huu ndio upungufu unaokugharimu sasa. Huenda mlitumia zaidi ya 4,800,000, lakini utadai ulichonacho mkononi.

Kuhusu mshahara wa mwaka wa masomo, nawashauri muuache nje. Najua hoja ya bodi: tulimlipa bila kufanya kazi, kwa hiyo ni gharama kama ada. Wakiliandika wazi kabla hajaenda wanaweza kulitetea, lakini angalia hesabu yake. Mishahara 12 ya 850,000 ni 10,200,000. Ukijumlisha na masomo unapata 17,400,000, yaani zaidi ya mishahara yake 20. Muuguzi wa kituo cha afya hawezi kulipa hilo, na wewe unajua hawezi, na mwamuzi atajua kwamba unajua. Deni lisilolipika lina kazi moja tu, kumtia mtu hofu ya kuondoka, na hapo tumerudi kwenye kifungo. Kama bodi inaona mshahara mzima ni mzigo mkubwa, njia iliyo wazi ni kukubaliana naye mapema kwamba akiwa chuoni atapokea sehemu ya mshahara, kwa maandishi, kabla hajaondoka. Huko ndiko kuokoa fedha, kuliko kuzilipa zote halafu kuzifukuzia.

Muda ndio mahali utakapobishana zaidi na bodi. Mimi hupima hivi: masomo ya mwaka mmoja yaliyolipiwa kikamilifu, miaka miwili ya kazi inatosha. Kozi ya miezi mitatu, miezi sita hadi mwaka. Semina ya wiki moja, au mafunzo ambayo mwajiri anatakiwa kuyatoa mwenyewe ili kazi ifanyike kwa usalama, kama vile kutumia mashine mpya au kujikinga na maambukizi, hayana bondi kabisa, maana hayo ni gharama ya kuendesha kituo. Hakuna sheria iliyoweka namba hizi. Ni kipimo changu, na nimekichagua kwa sababu ya kinachotokea kwenye hesabu. Ukigawanya 7,200,000 kwa miezi 24, kila mwezi anaokufanyia kazi unafuta 300,000. Mfanyakazi anauona mzigo ukishuka mwezi kwa mwezi, anapata sababu ya kukaa. Ukitandaza deni hilo hilo kwenye miezi 60, linashuka 120,000 tu kwa mwezi. Baada ya mwaka mzima wa kukesha chumba cha upasuaji bado anadaiwa 5,760,000. Mtu wa namna hiyo hakai kwa moyo, anatafuta hospitali itakayomlipia deni.

> Miezi 24 inaanza kuhesabiwa siku Mfanyakazi anaporipoti kazini baada ya masomo, hata kama matokeo au cheti bado havijatoka. Kila mwezi mmoja wa kazi unapunguza deni kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya gharama zilizothibitishwa. Likizo ya mwaka, likizo ya uzazi na likizo ya ugonjwa zinahesabiwa kuwa muda wa kazi. Deni halina riba.

Tarehe ya kuanza ni jambo dogo linalozaa ugomvi mkubwa. Nimeona mikataba inayosema muda unaanza “baada ya kuhitimu”, chuo kikachelewesha mahafali miezi minane, na mfanyakazi akawa amefanya kazi miezi minane isiyohesabika popote. Likizo ya uzazi nayo itaje kwa jina. Ukikaa kimya, meneja atakayekuja baada yako atasema miezi ile mitatu haihesabiki, na mtakuwa mmemtoza mwanamke kwa kuzaa.

Chukua mfano huyu binti yako. Gharama zilizosainiwa zimefika 7,200,000. Ameripoti kazini Oktoba mosi, amefanya kazi, akatoa notisi, na siku yake ya mwisho ni Julai 31. Hiyo ni miezi kumi. Imebaki 14. Mara 300,000, anadaiwa 4,200,000. Hesabu hii anaweza kuifanya mwenyewe kwa simu usiku anapofikiria kama aondoke au abaki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Bondi ambayo mfanyakazi hawezi kuipigia hesabu peke yake imeandikwa vibaya.

Sasa lipo swali ambalo wengi hawaliandiki: nani kasababisha kuondoka? Barua yako ya zamani inasema “akiacha” na kuishia hapo. Je, kituo kikipunguza wafanyakazi? Je, mkikaa miezi mitatu bila kumlipa mshahara naye akaondoka? Sheria ya ajira inamhesabu mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri alifanya ajira isivumilike kuwa ameachishwa, si ameacha. Ukimdai mtu wa namna hiyo ada za chuo, utapoteza, na utastahili kupoteza. Andika waziwazi:

> Mfanyakazi hatadaiwa kitu ikiwa ajira imekoma kwa kupunguzwa kazi, kufungwa kwa kituo, ugonjwa au ulemavu, kifo, kuachishwa isivyo halali, kushindwa kwa Mwajiri kulipa mshahara au kutimiza masharti ya msingi ya mkataba wa ajira, au Mwajiri kutoongeza mkataba. Atadaiwa ikiwa ameacha kwa hiari, au ameachishwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu uliothibitishwa kwa utaratibu wa haki.

Maneno “kifo” na “ugonjwa” huonekana ya ziada mpaka siku familia ya marehemu inapopokea barua ya madai. Yaweke.

Maneno ya “kutoongeza mkataba” yanakugusa wewe moja kwa moja. Ajira yake imebaki miezi 18. Mwaka mmoja atakuwa chuoni. Akirudi atakuwa na miezi sita tu ya mkataba, nawe unataka miezi 24 ya kazi. Hiyo miezi 18 inayopungua inatoka wapi? Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake, ajira imekwisha yenyewe. Hajaacha, hajavunja kitu, na huna deni la kudai. Hili ni shimo ambalo bondi nyingi za sekta binafsi hutumbukia, kwa sababu anayeandika bondi hafungui faili la ajira. Una njia mbili. Ya kwanza, ongeza mkataba wake wa ajira sasa, kabla hajaenda, ufike walau miezi 36 kuanzia siku anayoondoka kwenda chuo. Ya pili, jifunge kwamba mkataba ukikaribia kwisha utampa mwingine wenye masharti yasiyopungua yale ya sasa, na akiukataa bila sababu ya msingi ndipo salio la deni lidaiwe. Mimi ningechagua ya kwanza. Inampa uhakika wa kazi kwa muda ule ule unaomtaka akuhakikishie kuwapo, na ni vigumu mtu kukuita mkandamizaji ukiwa umejifunga kamba ile ile.

Ongeza pia ahadi kwamba akirudi atapangiwa kazi ya usingizi. Mmempeleka asome hiyo, basi asirudishwe wodini kupima presha miezi 24 wakati ujuzi wake unapotea. Akifanyiwa hivyo atasema, na atasikilizwa, kwamba hamkuuhitaji ujuzi mnaoudai fedha.

Akifeli? Hapa ni suala la utu zaidi kuliko sheria. Anayeacha chuo katikati bila sababu arejeshe kilichotumika mpaka siku hiyo. Aliyesoma kwa bidii akafeli somo arudie mtihani kwa gharama yake, muda wa bondi ubaki vilevile. Kumtoza ada zote mtu aliyejitahidi akashindwa hakukirudishii kituo kitu chochote cha maana.

Njia ya kulipa iandike sasa, mkiwa mnacheka, kwa sababu siku ya kuachana hamtacheka:

> Ndani ya siku 7 baada ya notisi, Mwajiri atampa Mfanyakazi hesabu ya deni kwa maandishi pamoja na nakala za risiti. Mfanyakazi anaweza kuipinga kwa maandishi au kuomba kikao ndani ya siku 7. Kiasi kisichobishaniwa kitalipwa kwa awamu za kila mwezi ndani ya miezi isiyozidi 12. Mfanyakazi anakubali makato ya deni hili kutoka mshahara wake wa mwisho, yasiyozidi robo ya mshahara huo. Mwajiri mpya anaweza kulipa deni kwa niaba yake. Mwajiri hatazuia cheti chochote wala hati ya utumishi kwa sababu ya deni hili.

Robo sikuiokota hewani. Kifungu cha 28 kinapozungumzia makato ya kufidia hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, kinataka aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Deni la masomo ni jambo jingine kidogo, lakini ukifuata utaratibu ule ule hakuna atakayesema ulimvizia. Michango ya NSSF usiiguse kwa hali yoyote.

Na ile sentensi ya mwajiri mpya ndiyo itakayokurudishia fedha mara nyingi kuliko kesi. Hospitali inayomtaka mtaalamu wa usingizi leo imeokoa mwaka mzima wa kusomesha. Ikionyeshwa hesabu safi, yenye risiti na kiasi kinachopungua, mara nyingi inakuwa tayari kulipa au kumkopesha mtumishi wake mpya. Ikionyeshwa barua ya “mara mbili ya gharama zote”, inamwambia apuuze.

Mkataba huu usainiwe kabla ada ya kwanza haijalipwa na kabla hajaaga. Ukimsainisha akiwa amekwisha kuripoti chuoni, au amerudi na ajira yake iko mikononi mwako, atasema hakuwa na hiari, na ridhaa isiyo huru huangusha mkataba. Mpe rasimu akae nayo walau wiki, kwa Kiswahili, aionyeshe kwa mume, kaka, chama cha wafanyakazi au wakili akitaka. Andika ndani kwamba alipewa muda huo. Wadhamini sitawaweka. Kumfunga baba mkulima kwa deni la mwanawe kwa kituo kinachompa mwanawe ajira ni kutafuta mtu wa kumtisha tu. (Kwa wasomaji wa Zanzibar: kwenu inatumika Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo vifungu nilivyovitaja visomwe upya na wakili wa huko, ingawa umbo la bondi linabaki hilo hilo.)

Nirudi kwa aliyeondoka. Usidai mara mbili na usidai miaka mitano. Chukua 4,800,000 yenye risiti, ipitishe kwenye kipimo cha miezi 24 kama vile mngeiandika vizuri tangu mwanzo: 200,000 kwa mwezi, amefanya minne, imebaki 20, jumla 4,000,000. Barua ya zamani inatosha kuonyesha kwamba alikubali kurejesha gharama, na kiasi unachodai kiko chini kabisa ya dari yake, kwa hiyo kinaingia vizuri ndani ya kifungu cha 74. Anaweza kubisha kwamba barua nzima ni ya kikandamizaji. Ukiwa umekwisha kurudisha cheti, umelipa mshahara, na umeomba pungufu ya ulichoandikiwa, hoja hiyo itapungua nguvu sana.

Mwandikie barua ya staha, uambatanishe risiti, umpe siku 14 na pendekezo la kulipa kwa awamu za miezi 12, ambayo ni kama 333,000 kwa mwezi. Akikaa kimya, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi yenu ya mkoa, kwa fomu namba moja ya Tume. Mwajiri naye anaruhusiwa kulalamika, wengi hawajui. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi inatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu ilipozuka, na ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za maana. Ameondoka mwezi uliopita, kwa hiyo hesabu siku zako kuanzia siku yake ya mwisho kazini, na barua ya madai itoke pamoja na cheti, siku ile ile.